Mililita Kumi na Saba

Sina subira na watu wanaosema fizikia ni ngumu. Fizikia si ngumu. Kilicho kigumu ni kufeli fizikia ukiwa mwalimu wa fizikia, kisha Jumatatu usimame mbele ya Kidato cha Tatu uwaambie wasome kwa bidii. Hilo nalijua kwa sababu lilinipata.

Nilikuwa na diploma, na nilikuwa nimefundisha miaka mingi katika shule ya kutwa upande wa Free Area, hapa Nakuru. Nikaamua kutafuta digrii kwa ule mpango wetu walimu tunaoujua: shule zikifungwa wanafunzi wanaenda nyumbani kupumzika, sisi tunabeba mikoba kwenda chuoni kukaa kwenye madawati kama wao. Masomo mengine niliyapita vizuri. Somo la joto ndilo lililoniangusha mwezi wa Agosti, na liliniangusha kwa swali moja. Mhadhiri wetu, ambaye sote tulimwita Daktari, mwanamke mdogo kwangu kwa miaka kumi hivi, aliniuliza kwa sauti ya upole kabisa, "Mwalimu, umeniambia digrii za uhuru za hewa ni tano. Kwa nini tano na si sita?" Nilikuwa nimeikariri ile tano kama namba ya simu. Nikanyamaza.

Desemba nikarudi kufanya sapu, ule mtihani wa marudio. Ningefeli tena, ningerudia somo lote mwaka uliofuata na mahafali yangenipita. Kwa mtu mwingine mwaka mmoja si kitu. Kwangu ulikuwa kila kitu, kwa sababu ya macho ya mama yangu.

Mama alikuwa amehamia kwangu mtaa wa Section 58 tangu presha ya macho ilipomzidi. Daktari wa macho alitueleza bila kuzunguka: dawa zinachelewesha tu, kilichokwisha kwenda hakirudi. Wakati huo alikuwa anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, mbele kidogo na pembeni giza, na bomba lenyewe lilikuwa linazidi kuwa jembamba. Alikuwa ameniambia mara moja tu, tukikunja nguo, "Siku ya joho lako sitaki kuja kuambiwa kwamba ulipendeza. Nataka kuona mwenyewe." Hakurudia tena, na mimi sikuhitaji arudie. Niliogopa, na woga huo nililala nao na kuamka nao.

Ile tano, yaani njia tano ambazo molekuli ya hewa inaweza kujisogeza, nilikuja kuielewa jikoni, nikimenya viazi. Nilichukua viazi viwili vidogo nikavichomeka kwenye ncha mbili za kijiti, nikampa mama akishike. Nikamwambia hewa tunayovuta ni hivi karibu yote: atomu mbili zilizoshikana. "Kitu hiki kinaweza kwenda wapi?" nikamwuliza. Akakisogeza mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini. Hizo ni njia tatu. Kisha akakipindua kichwa kwa miguu, akakizungusha pia kama panga boi. Hizo mbili zikafanya tano. Halafu akakisokota kijiti katikati ya vidole, vile mtu anavyosokota uzi, na viazi vikabaki pale pale vikijizungukia.

"Hii je?" akauliza.

"Hiyo haihesabiwi. Uzito wote umelala kwenye kijiti chenyewe, na kwa kitu kidogo kama molekuli, joto letu hili la kawaida haliwezi hata kuianzisha."

"Na kijiti kikivutika, viazi vikaenda huku na huku kama springi?"

Nilimtazama. Mama hakupita darasa la saba. "Hiyo ipo," nikasema, "lakini inataka joto kali sana. Kwa joto la jikoni imelala." Ndiyo maana tano. Kila njia inachukua fungu lake sawa la joto, nusu ya ile namba ya gesi ambayo ni 8.3. Ukifunga hewa ndani ya chupa isiyotanuka, joto lote unaloitia linaishia kwenye hizo njia tano, na kila moli itahitaji juli 20.8 ili ipande digrii moja. Lakini ukiiruhusu hewa itanuke, itakuwa na kazi mbili: kuchangamka yenyewe, na kuisukuma hewa ya nje ili ipate nafasi. Kazi hiyo ya kusukuma ina bei yake, 8.3 nzima. Kwa hiyo 29.1. Nilifurahi mpaka nikauacha ugali uliokuwa motoni ukaungua.

Chuoni walinipangia mwenzangu wa maabara, mwalimu wa shule ya wavulana kule Molo, mwanamume mnene mcheshi aliyekuja kila asubuhi na sweta mbili. Yeye naye alikuwa na sapu, na hakuonekana kusumbuka hata chembe. Jaribio letu lilikuwa lile lile la miaka yote. Palikuwa na chupa kubwa ya kioo ya lita kumi, na ndani yake waya mwembamba. Unaupitishia waya umeme kwa muda mfupi sana, hewa inapata juli tano za joto. Kwanza unafanya chupa ikiwa imefungwa, unasoma shinikizo limepanda kiasi gani kwenye mrija wa maji. Kisha unaunganisha sirinji kubwa ya kioo yenye pistoni inayoteleza, unatia joto lile lile, na hewa inaisukuma pistoni. Unasoma imesogea mililita ngapi.

Sehemu ya kwanza ilitoka safi. Maji yalipanda karibu sentimita mbili, tukapiga hesabu, 20.8. Mwenzangu akanipa mkono kama tumeshinda uchaguzi.

Sehemu ya pili ikanitoa jasho. Kwa kitabu, pistoni ilitakiwa isogee mililita kumi na nne. Yetu ilisogea kumi na saba. Tukarudia, kumi na saba. Tukaacha chupa ipoe, tukanywa chai, tukarudi: kumi na saba na kidogo. Tukaingiza kwenye hesabu, na badala ya 29.1 tukapata 23.6. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni! Tofauti ya namba hizo mbili, ya chupa iliyofungwa na ya hewa inayotanuka, ambayo ni lazima iwe 8.3 kwa gesi kama hii, kwetu ilikuwa chini ya tatu. Hewa ile ile, chupa ile ile, mchana ule ule: ikifungwa inasema ina njia tano za kujisogeza, ikifunguliwa inasema haifikishi hata nne.

"Madam," mwenzangu akasema, "hapa tunapika tu."

Asiyejua kupika data hajawahi kuingia maabara ya nchi hii. Unalijua jibu la kitabu, unalitembeza nyuma kwenye hesabu mpaka ulifikie jedwali, unaandika 13.9, 14.2, 14.0 ili isionekane umepika sana. Nilichungulia meza za wenzetu. Kila mtu alikuwa na kumi na nne.

"Sipiki," nikasema.

"Si unataka kugradueti? Mama anangoja joho. Wewe uko hapa unangoja nini?"

Alisema bila ubaya, lakini aliniguza palipouma na nikamkasirikia. Nikamwambia mimi huwakata watoto wa watu maksi kwa kosa hilo hilo. Akacheka. "Basi tafuta makosa yetu. Labda pistoni inakwama."

Nikalifikiria hilo, na ndipo hasira ikageuka kuwa kitu kingine. Pistoni ikikwama inasogea kidogo, haiwezi kusogea zaidi. Chupa ikivuja, inasogea kidogo. Joto likipotelea kwenye kioo, inasogea kidogo. Kila kosa nililolijua lilikuwa linapunguza, na yetu ilikuwa imezidi. Nikamwambia hivyo. Akavua sweta ya juu, na hiyo ilikuwa dalili kwamba ameanza kufikiri.

"Kwa hivyo kuna kitu kinaisaidia kusukuma," akasema.

"Au anayesukumwa si mzito vile tunavyodhani."

Tulilisema na tukaliacha hapo, maana wakati wa chakula ulikuwa umefika na yeye hakosi chakula. Kwenye kibanda cha nje tuliagiza githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha. Maharagwe yalikuwa magumu kama kokoto, na mwenzangu akamgeukia mama wa kibanda. "Mathe, maharagwe hazijaiva hizi."

"Zimekuwa kwa moto tangu asubuhi," mama yule akajibu. "Shida si mimi, shida ni Nakuru. Dada yangu yuko Mombasa, anaweka saa mbili zimelainika."

"Basi uje Molo uone," mwenzangu akasema. "Kwetu maharagwe unaeka leo unakula kesho."

Mimi nilikuwa nimekwisha kuweka kijiko chini. Kila mwaka nawapelekea Kidato cha Pili jiko na kipimajoto. Maji yanachemka kwenye nyuzi tisini na nne, wanashangaa, nami nawaambia kwa majivuno: tuko juu, hewa ya huku ni nyepesi, inayakandamiza maji kidogo kuliko ya pwani. Nawaambia hivyo, naandika ubaoni. Na hapa chuoni, nikihesabu hewa ikisukuma hewa, nilikuwa nimeandika shinikizo la nje ni zebaki sentimita 76 kwa sababu kitabu kimesema 76. Kitabu kile kiliandikwa na mtu aliyekaa usawa wa bahari.

"Inuka," nikamwambia mwenzangu.

"Sijamaliza."

"Hazijaiva. Inuka."

Ukutani mwa maabara ile, karibu na dirisha, kulikuwa na barometa: mrija mrefu wa kioo uliojaa zebaki, mdomo wake umeinamishwa ndani ya kibakuli cha zebaki, na rula ya mita pembeni. Ilikuwa inasoma 61 na nusu. Na juu yake kulikuwa na karatasi iliyokauka kwa uzee, imeandikwa kwa kalamu nene: MBOVU. Hakuna aliyeuliza. Barometa inayosoma 61 wakati kitabu kinasema 76 lazima iwe mbovu, na hata sababu tulikuwa nayo: hewa imeingia juu ya zebaki, inaisukuma chini. Sote tumelifundisha hilo.

"Kama kuna hewa huko juu," nikasema, "tukiilaza itabaki kama povu. Kama hakuna, zebaki itajaa mpaka mwisho."

Mwenzangu akatazama mlango. Tukavaa glavu, tukaweka trei chini, yeye akakishika kibakuli kisitikisike, na mimi nikaulaza mrija polepole. Zebaki ikapanda ndani ya kioo, ikapanda, nafasi tupu ikapungua. Ikafika mwisho na kugonga kioo, tak, sauti ndogo kavu. Hapakuwa na povu. Hapakuwa na chochote. Nikausimamisha tena, zebaki ikashuka, ikatulia pale pale, 61 na nusu.

Ilikuwa nzima. Ilikuwa imening'inia pale miaka yote ikisema ukweli kuhusu Nakuru, na sisi tumeibandika jina.

Tukarudia hesabu tukiwa tumesimama. Sentimita 61 na nusu za zebaki ni kama kilopaskali themanini na mbili, si mia moja na moja. Mililita kumi na saba, tena bila kuguswa. Kikokotoo kikatoa 29.1. Nikatoa 20.8. Ikabaki 8.3, na machozi yakanijia nikayaacha yaje. Mwenzangu alinipigapiga bega akisema, "Madam, ni namba tu," huku naye anapangusa pua kwa mkono wa sweta.

Lakini furaha ile haikudumu mpaka jioni. Ripoti ilikuwa moja kwa wawili, na wenzetu wote walikuwa na kumi na nne. Mwenzangu alisema wazi alichokiogopa: daktari akiona watu wote wamepata kumi na nne na sisi kumi na saba, na tunajitetea kwa chombo kilichoandikwa mbovu, atatucheka na kutufelisha. "Jibu la mwisho ni lile lile 29.1," alisema. "Tuandike kumi na nne na sabini na sita, tumalize, twende kwetu. Nani atajua?"

Na hapo ndipo alipokuwa amenishika, kwa sababu ilikuwa kweli. Jibu lingekuwa lile lile. Nilimwambia anipe usiku mmoja. Nyumbani nilimtilia mama dawa yake, tone moja kila jicho, na yeye akakaa ameinua uso akisubiri likolee. Nikamsimulia yote. Nilitumaini, nasema kweli, kwamba ataniambia niandike kumi na nne.

"Uliona ngapi?" akauliza, macho bado yamefumbwa.

"Kumi na saba."

"Uliona kwa macho yako?"

"Ndiyo, mama."

Sijui kama mtu mwenye macho mazuri angeweza kuniuliza swali lile.

Tuliandika kumi na saba. Mwenzangu alitia sahihi akisema akifelishwa nitamtafutia kazi ya kulima viazi.

Siku ya kuhojiwa tuliingia maabara wawili wawili. Daktari alikuwa na kikombe cha chai na rundo la ripoti. Waliotutangulia walitoka nyuso zikiwa ndefu, na hilo halikunisaidia. Aliifungua yetu, akapitisha kidole kwenye jedwali, kidole kikasimama.

"Pistoni ilisogea mililita ngapi?"

"Kumi na saba, Daktari."

"Wenzenu wote ni kumi na nne."

"Nimeona."

"Na mnataka niwaamini nyinyi." Hakuwa anatabasamu. "Hiyo barometa imeandikwa nini?"

Nikamwambia imeandikwa mbovu, na kwamba si mbovu, na kwamba tuliilaza na zebaki ikafika mwisho bila povu. Mwenzangu, Mungu ambariki, akaongeza, "Iligonga tak, Doc. Mimi ndiye nilikuwa nimeshika bakuli." Daktari akaweka kikombe chini.

"Sasa nijibu hili. Ungefanya jaribio hili Mombasa, tofauti ya namba zako mbili za joto ingekuwa ngapi?"

Hapo ndipo Agosti ilipotaka kunirudia. Nilisikia ule ukimya ukija. Nikafikiria viazi kwenye kijiti, na vidole vya mama. "Ingekuwa 8.3 ile ile," nikasema. "Kule hewa ya nje ni nzito, kwa hiyo pistoni ingesogea kidogo, kumi na nne. Hapa ni nyepesi, inasogea zaidi. Kusukuma kizito hatua fupi au chepesi hatua ndefu, kazi ni moja."

"Na ningejaza heli?"

"Heli ni atomu moja moja. Haina cha kupindua. Zinabaki njia tatu, 12.5 ikifungwa, 20.8 ikitanuka. Tofauti 8.3."

"Na hewa, kwa nini tano na si sita?"

Nilicheka. Sikuweza kujizuia. Nikamweleza kusokota uzi.

Daktari akaegemea kiti. Akasema karatasi ile aliikuta ukutani alipoajiriwa, na wiki yake ya kwanza aliilaza barometa mwenyewe, akaisikia ikigonga. Alitaka kuibandua. Kisha akaona ripoti za kwanza za wanafunzi, zote kumi na nne, na akaiacha. "Kumi na nne haiwezi kutoka kwenye hii chupa hapa Nakuru," alisema. "Mtu akiniletea kumi na nne najua hakuangalia. Tangu nije, nimekuwa nauliza hilo swali la mililita na kungoja mtu aniambie kumi na saba." Akasimama, akaenda ukutani, akaibandua karatasi, akaikunja na kuitia kwenye pipa. "Sasa itabidi nitafute mtego mwingine."

Wale waliopika walirudi kurudia jaribio, wakiwa na 61 na nusu. Sisi tulipita. Mwenzangu alinibeba kidogo mpaka nikamwambia aniache, mimi ni mama wa watu.

Mahafali yalifanyika uwanjani chini ya hema, kwa jua kali. Nilikuwa nimemwomba binti yangu amkalishe mama mbele kabisa, katikati, ndani ya ile nafasi ndogo anayoiona. Nilipomaliza kuitwa niliwafuata mbio, joho likinikwama miguuni, kofia nimeibana kwa pini ambazo zilikuwa zinaachia. Nikapiga magoti mbele yake. Mama akanishika uso kwa mikono miwili, akaugeuza kidogo huku, kidogo kule, akinitafuta. Nikangoja. Sikuthubutu kuuliza.

"Kofia umeivaa upande," akasema. "Inyooshe."

Sikuinyoosha. Nilibaki pale chini nimeiacha imelala, ili aendelee kunigombeza.